UUID hazitagongana, bakapu yako ndiyo itakayogonganisha

Jamani, nimechoka. Kila mfumo wa matawi yasiyo na mtandao wa uhakika unapojadiliwa, nikisema kila rekodi ipewe UUID, yaani kitambulisho kirefu cha nasibu ambacho tawi linajitengenezea lenyewe, lazima atokee mtu aseme: "UUID ni bahati nasibu, siku moja zitagongana. Sisi tumegawa namba, kila tawi na fungu lake, kwa hiyo tuko salama." Tena anasema kama mtu aliyepiga hesabu, na hesabu yenyewe hajaigusa.

Haya, tuipige haraka. UUID ya toleo la 4 ina biti 122 za nasibu. Ili uwezekano wa kupata mgongano ufike nusu kwa nusu, unahitaji kutoa UUID takriban 2.7 × 10^18. Ukitoa milioni moja kila sekunde bila kulala, utafika huko baada ya miaka zaidi ya 85,000. Duka lako la saruji na mabati halifiki. Tuendelee.

Kinachoniudhi ni hilo neno "salama" upande wa mafungu. Tuseme Mbeya imepewa 1,000,000 hadi 1,999,999, na Tukuyu 2,000,000 hadi 2,999,999. Kwenye hifadhidata ya Tukuyu unaandika:

```sql
CREATE SEQUENCE mauzo_seq
  START 2000000 MINVALUE 2000000 MAXVALUE 2999999;
```

Hiyo MAXVALUE usiiache. Fungu likiisha, afadhali upate hitilafu kuliko kuvamia fungu la jirani kimyakimya. Mpaka hapo Mbeya na Tukuyu haziwezi kugongana, nakubali. Ila Tukuyu inaweza kujigonga yenyewe.

Fuatilia. Jumatatu usiku bakapu inachukuliwa, mauzo ya mwisho ni namba 2,000,300. Jumanne wanauza mpaka 2,000,340, jioni mtandao unarudi na rekodi zote zinapanda makao makuu. Jumatano mchana diski inakufa. Fundi anarudisha bakapu ya Jumatatu, na `pg_dump` kwa uaminifu wake ilikuwa imehifadhi na kaunta ya namba pia. Alhamisi asubuhi mteja wa kwanza anapewa 2,000,301, namba ambayo makao makuu wanayo tayari, ya mtu mwingine kabisa.

Kama skripti yako ya kuunganisha inaishia na `ON CONFLICT (id) DO UPDATE`, na nyingi ninazoletewa zinaishia hivyo, makao makuu yataona ni rekodi ya zamani iliyosahihishwa. Mifuko 20 ya saruji inageuka kopo moja la rangi. Hakuna hitilafu, hakuna kengele. Utakachoona, ukibahatika, ni jumla ya mauzo ya Jumanne kupungua siku mbili baada ya Jumanne kupita, na mhasibu kuanza kumtazama muuzaji kwa jicho baya.

Kwa hiyo anayebaki na mafungu afanye mambo mawili. Kwanza, wakati wa kuunganisha, `id` ikikutwa ipo lakini `created_at` ni tofauti, simamisha kazi. Saa ya kuundwa rekodi haina sababu ya kubadilika. Pili, kila bakapu inaporudishwa, tupa masalio ya fungu lote na uombe fungu jipya makao makuu kabla duka halijafunguliwa. Usijidanganye kwamba utaendelea na 2,000,341: mauzo ya Jumatano asubuhi hayakupanda, lakini risiti zake ziko mifukoni mwa wateja. Tahadhari hiyohiyo inamhusu anayeongeza kompyuta ya pili ya mauzo kwa kunakili diski ya ile ya kwanza.

UUID haina kaunta ya kurudi nyuma, ndiyo maana naichagua. Udhaifu wake uko kwenye chanzo cha unasibu. Kwenye kivinjari, `crypto.randomUUID()` haipatikani ukifungua mfumo kwa `http://192.168.1.10`, kwa sababu hiyo si HTTPS. Basi developa anaweka `Math.random()` aendelee na maisha, na hesabu yangu ya hapo juu inakufa hapohapo, maana `Math.random()` haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tumia `crypto.getRandomValues()`, hiyo inafanya kazi hata bila HTTPS.

Kinachonisumbua bado ni namba ya risiti. Hakuna mteja atakayekusomea UUID kwenye simu, kwa hiyo kila tawi linahitaji namba fupi, TK-000301 kwa mfano, na hiyo ni kaunta, nayo itarudi nyuma na bakapu kama ile nyingine. Naiweka kama lebo tu, kamwe isiwe ufunguo, na baada ya kurudisha bakapu naongeza herufi: TKB-000301. Wahasibu hawaipendi. Mimi pia siipendi sana, ila sijapata nyingine ambayo muuzaji anaweza kuisoma kwa sauti.