“Basi Niambie, Niende au Nisiende?”

Swali hili haliji mwanzoni. Huja wakati kadi zote zimeshafunuliwa na kuelezwa, mteja ameitikia kwa kichwa karibu kila jambo, kisha anaegemea mbele na kuniuliza: “Haya, nimekuelewa. Sasa wewe unasemaje?” Wasomaji wengi wa taroti huyumba hapo, maana tumeshafundishwa kusoma kadi lakini hatukufundishwa la kufanya dakika tano baada ya kuzisoma.

Nitaeleza kwa mfano. Nimeuunganisha kutoka kwa wateja kadhaa ili asijulikane mtu, ila mambo yenyewe ndivyo yanavyotokea mezani.

Mama mmoja mhasibu amepewa kazi katika mji mwingine. Mshahara ni mzuri kuliko wa sasa, na waajiri wapya wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Anaishi na mama yake, mtu mzima ambaye afya yake si ya kutegemea sana. Nilimtandazia kadi tano: moja katikati kwa hali aliyo nayo, mbili kushoto kwa njia ya kwenda, mbili kulia kwa njia ya kubaki. Pakiti ninayotumia ni ile iliyotoka mwaka 1909, yenye michoro ya Pamela Colman Smith, na kwa kazi ya namna hii naipenda kwa sababu karibu kila kadi, hata zile ndogo za namba, ina picha ya watu wanaofanya jambo fulani. Mteja naye anaweza kuitazama na kusema anachokiona.

Katikati ilitoka Mbili ya Panga: mwanamke ameketi, kitambaa machoni, panga mbili amezipishanisha kifuani, bahari nyuma yake. Upande wa kwenda zilitoka Nane ya Vikombe na Kijana wa Sarafu. Upande wa kubaki, Nne ya Sarafu na Tatu ya Vikombe.

Ukiziangalia haraka utaona kwamba hakuna kadi mbaya upande wowote, na hiyo ndiyo shida yake. Angepata Mnara, kadi ya maangamizi, upande mmoja na Jua, kadi ya furaha, upande mwingine, angeondoka ameshaamua, hata kama kwa kukosea. Kadi zilizolingana hivi humwachia mtu mzigo wake mwenyewe, naye hutafuta pa kuutua. Aliyekaa karibu ni mimi.

Ulinzi wangu wa kwanza ni namna ninavyosema wakati bado nasoma. Kwa kila njia nasema mambo mawili: inachokupa na inachokudai. Nane ya Vikombe ni mtu mwenye fimbo anayeondoka usiku, mwezi ukimtazama, na vikombe vinane vimebaki nyuma yake. Nilimwonyesha kwamba vikombe vile vimesimama, hakuna kilichomwagika. Huyu haondoki kwa kuwa mambo yameharibika. Anaacha kitu kizima, na njia inamdai hilo. Kijana wa Sarafu ameinua sarafu moja na kuikodolea macho: ni mtu anayejifunza upya, si tajiri. Kwa hiyo kwenda kunampa mwanzo mpya, na kunamdai akubali kuwa mgeni tena. Upande wa pili, mtu wa Nne ya Sarafu ana sarafu moja juu ya taji, moja ameikumbatia, mbili amezikanyaga. Yuko salama, ila hawezi kuinua mguu bila kuachia kitu. Tatu ya Vikombe ni wanawake watatu wanaoinua vikombe pamoja: watu wake, wanaomjua. Kubaki kunampa hao, na kunamdai aache kutamani kilicho nje.

Wasomaji huchukulia hili jambo dogo, lakini mteja anayetaka kuamuliwa hasikilizi maneno peke yake. Anakusoma uso. Ukikaa dakika kumi upande mmoja na dakika mbili upande mwingine, ameshahesabu. Ukisema “hapa naona furaha” kushoto na “hapa pagumu kidogo” kulia, umeshaamua, hata ukimaliza kwa kumwambia uamuzi ni wake.

Basi swali likaja: “Dada, niambie moja tu. Niende au nisiende?”

Simjibu “siwezi kukuamulia”. Ni kweli, lakini kikisemwa wakati ule kinasikika kama mlango unaofungwa, na mteja atazunguka aingilie dirishani: “Basi ungekuwa wewe ungefanyaje?” Maneno hayo mahali pake ni mwanzoni, kabla sijachanganya kadi. Pale huwa naeleza kwamba kadi zitatuonyesha hali na njia, na kuamua kutabaki kwake. Likisemwa mapema ni utaratibu wa kazi. Likisemwa mwishoni linaonekana kisingizio.

Wapo wanaomgeuzia mteja swali: “Ungependa nikujibu lipi?” Linafaa kwa yule aliyekwisha kuamua na anachotafuta ni baraka. Kwa mtu aliyegawanyika kweli halifai kitu. Anajibu “sijui, ndiyo maana nimekuja,” na ana haki ya kukasirika.

Mimi nauliza hivi: “Tuseme nimekwambia nenda. Kesho asubuhi utaanza na lipi?” Nikishapata jibu nauliza upande wa pili, kwa sauti ileile. Nasisitiza iwe kesho asubuhi, si baada ya miaka mitano, kwa sababu mtu akiulizwa habari za mbali hujibu kwa ndoto. Akiulizwa habari za kesho, hujibu kwa kilichomkaba.

Kwa “nenda” alinyamaza, kisha akasema, “Itabidi nimwambie mama.” Kwa “baki” alijibu papo hapo: angewaandikia barua ya kukataa usiku uleule, ili asiendelee kufikiria.

Hapo mambo mawili yakajitokeza. Kwanza, mama yake hakuwa akijua lolote. Tulikuwa tumezungumza kwa muda mrefu juu ya mzee huyo, anavyoumwa, atakavyojisikia, na mwenyewe hajaulizwa. Pili, kubaki alikuwa anakuharakisha kwa sababu kungemwepusha na mazungumzo hayo. Hilo halina maana kwamba kubaki ni kosa. Lina maana kwamba bado hajalinganisha njia mbili. Analinganisha njia moja na woga wa kuzungumza na mtu mmoja.

Ndipo nikamrudisha kwenye kadi ya katikati. Nilimuuliza anaona nini usoni pa yule mwanamke, akasema amefungwa macho. Nikamwuliza ni jambo gani yeye mwenyewe hajaliangalia bado. Hakuhitaji kadi nyingine. Tuliandika kwenye karatasi maswali mawili ambayo hakuna kadi inayoweza kuyajibu: mama yake anasemaje, na je, ndugu zake wanaweza kupokezana kukaa naye? Tukaongeza jambo la tatu, kuwapigia waajiri kuomba siku chache zaidi. Aliondoka bila jibu la niende au nisiende, ila na kazi ya kufanya ambayo ingemfikisha kwenye jibu. Aliamua nini baadaye sikuuliza, na huwa siulizi, kwa sababu mteja akijua nitauliza ataanza kuamua ili kunipendeza.

Mara nyingi kabla ya kufika hapo mteja hujaribu njia moja zaidi: “Vuta kadi moja tu ya mwisho.” Hapa nina msimamo mkali kuliko wenzangu wengi. Kadi ya ziada naivuta ikiwa ina swali lake, kwa mfano, “Nizungumze na mama kwa namna gani?” Ya kumalizia ubishi siivuti. Pakiti ina kadi 78, na mtu anayetafuta ruhusa ataendelea kuomba nyingine mpaka itoke anayoitaka, kisha ataita hiyo ndiyo ya kweli na zile tano alizozielewa vizuri zitasahaulika. Ubaya zaidi ni pale inapotoka kadi nzito kama Kifo. Msomaji ataanza kueleza kwamba maana yake ni kufikia mwisho wa jambo, na ni kweli, lakini mteja aliyeuliza ndiyo au hapana ameshajibiwa na picha.

Na maoni yangu mimi kama mtu? Ninayo, bila shaka. Mteja akisisitiza sana na nikaona kunyamaza kutakuwa ukatili, nakusanya kadi kwanza, nazirudisha kwenye boksi lake, ndipo nasema: “Hili sasa ni la kwangu, halikutoka kwenye kadi.” Kadi zikiwa bado zimetandazwa, neno langu linavaa nguo za kadi, na mtu hawezi tena kujua anabishana na nani. Hata hivyo ninachosema huwa ni kuhusu jinsi ya kuamua: kwamba nisingejibu kazi ile kabla ya kuzungumza nyumbani. Niende au nisiende sisemi.

Kutoegemea upande kuna mipaka. Anayeuliza kama aache dawa alizoandikiwa simtandazii kadi kwa swali hilo. Namwambia arudi kwa daktari wake, na hapo siwi mtu wa pande mbili. Mkataba au kesi, mwanasheria. Mtu akieleza kwamba anapigwa nyumbani na anauliza avumilie au aondoke, siketi kumpimia njia inachompa na inachomdai. Kadi naziweka pembeni na tunazungumza usalama wake: nani anaweza kumpokea, na msaada gani ulio karibu naye.

Baada ya kuagana, mteja wa namna hii hutuma ujumbe usiku, pengine na picha ya kadi zilezile: “Ukiziangalia tena, hakuna kitu kingine?” Najibu mara moja tu, kwa ufupi, nikimkumbusha yale tuliyoandika kwenye karatasi, na sifungui usomaji upya. Akitaka miadi nyingine kwa jambo lilelile namwuliza kimebadilika nini tangu tulipokutana. Akiwa ameshazungumza na mama yake, karibu, maana sasa tuna swali jipya. Kama hakuna kilichobadilika, miadi sitoi na hela yake siichukui. Na yule anayeanza kuniletea hata mambo madogo, ajibu simu ya fulani au asijibu, namwambia wazi kwamba tupumzike kwa muda, na namwelekeza kwa mshauri nasaha.