Krimu "isiyoziba vinyweleo": ilipimwa wapi, na kwa ngozi ya nani?

Natunga fomula za krimu na losheni za uso. Sehemu ya kazi hii ambayo watu hawaioni ni vikao na watu wa masoko, tunapobishana ni maneno gani yaandikwe kwenye kopo na kila neno lina karatasi gani nyuma yake. Tuchukue krimu moja, ya kubuni ila ya kawaida kabisa, iliyoandikwa mbele maneno manne: asilia, safi, imejaribiwa na daktari wa ngozi, haizibi vinyweleo. Mwenye ngozi ya mafuta anayeinunua ana swali moja tu: nikipaka hii, nitatoka chunusi? Matatu kati ya maneno hayo hayagusi swali lake. La nne linaligusa, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

"Asilia" kwanza. Upo mwongozo wa kimataifa, ISO 16128, uliotoka kwa sehemu mbili mwaka 2016 na 2017, unaoeleza namna ya kukokotoa ni kiasi gani cha bidhaa kimetokana na vitu vya asili. Katika hesabu hiyo maji huhesabiwa kuwa ya asili. Krimu yetu ina maji asilimia 75, kwa hiyo kabla sijaongeza kitu kingine chochote tayari nina robo tatu ya alama mkononi. Kiambato kilichopitia kiwandani nacho kinaweza kuhesabiwa, mradi zaidi ya nusu yake imetoka kwenye asili. Kufika asilimia 95 si kazi ngumu. Mwongozo wenyewe unatamka wazi kwamba hauhusiki na usalama wa bidhaa wala na maneno ya kwenye lebo, lakini sentensi hiyo sijawahi kuiona kwenye kopo.

"Safi" ni jepesi zaidi. Si sheria ya Marekani wala ya Umoja wa Ulaya inayolipa maana. Kila muuzaji ana orodha yake ya viambato asivyovitaka, na orodha hizo hazifanani. Mara nyingi vinavyoondolewa ni mafuta ya madini na silikoni, na pengo lao hujazwa na mafuta ya mimea na siagi za mbegu. Kwa mwenye chunusi mabadilishano haya yanaweza kumgeukia. Mafuta ya madini yaliyosafishwa kwa kiwango cha vipodozi hayana rekodi ya kuziba vinyweleo vya binadamu, na silikoni ya kawaida, dimethikoni, vilevile. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao ndiyo yenye alama za juu katika majedwali nitakayoyaeleza hapo chini. Krimu inaweza kuwa "safi" zaidi na wakati huohuo kumfaa mtu huyu kidogo zaidi.

Nyuma ya "imejaribiwa na daktari wa ngozi", karatasi ninayoikuta mara nyingi ni ya jaribio la vibandiko. Watu kati ya 50 na 200 hubandikwa bidhaa mgongoni au mkononi mara 9 ndani ya wiki 3, wanapumzishwa kama wiki 2, kisha wanabandikwa tena mahali papya kuona kama mwili umejifunza kuikataa. Ni jaribio zuri. Linaonyesha kama krimu inawasha au inaleta mzio wa ngozi. Daktari husimamia au husoma matokeo. Ila hakuna aliyehesabu chunusi, na lebo haisemi daktari aliona nini. Inasema tu kwamba alikuwapo. Marekani maneno haya hayana maana ya kisheria. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko, FDA, ilijaribu mwaka 1975 kuweka masharti kwa neno la jirani yake, lile la "haisababishi mzio", kampuni mbili za vipodozi zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikaifuta kanuni hiyo. Tangu hapo neno hilo linatumika bila kipimo rasmi.

Sasa tufike kwenye "haizibi vinyweleo".

Chunusi nyingi huanza na komedo: kifuko cha unywele kinazibwa na seli zilizokufa zilizogandana na mafuta ya ngozi. Mwanzoni haionekani kwa macho. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, mpaka uione kama kipele kidogo cha rangi ya ngozi au kichwa cheusi. Swali la kisayansi likawa: ni vitu gani tunavyopaka vinavyoharakisha kuziba huko? Mwaka 1972 madaktari Albert Kligman na Otto Mills walichapisha utafiti juu ya chunusi zinazoletwa na vipodozi, na chombo chao kikuu kilikuwa sikio la sungura. Ndani ya sikio hilo vifuko vya nywele vinaitikia haraka. Unapaka kitu wiki kama mbili, siku tano kwa wiki, kisha unachukua kipande cha ngozi na kuangalia kwa hadubini vifuko vimejaa kiasi gani. Baadaye James Fulton alipima viambato vingi kwa njia hiyo na kuvipa alama kuanzia 0 hadi 5. Jedwali lake la mwaka 1989 ndilo lililozaa majedwali mengi yanayozunguka mitandaoni leo. Ndimo mafuta ya nazi yalimopata 4, siagi ya kakao 4, na isopropili miristati 5.

Shida ya namba hizo ni tatu, na zinashikana. Sikio la sungura ni jepesi kuziba kuliko ngozi ya binadamu, kwa hiyo kitu kinaweza kupata 3 pale na kisifanye lolote usoni pako. Pili, kilichopimwa ni kiambato peke yake kwa kiasi kikubwa, mara nyingi kikiwa asilimia 10 ya mchanganyiko, wakati kwenye krimu yetu kinaweza kuwa asilimia 1. Tatu, kiambato ndani ya krimu hakikai peke yake: kinayeyuka kwenye mafuta mengine, kinabaki juu au kinapenya kulingana na jirani zake. Mwaka 2006 Zoe Draelos na Joseph DiNardo walipima kwa binadamu bidhaa kamili zilizokuwa na viambato vinavyosemwa kuziba, wakaona kwamba bidhaa hizo si lazima zizibe. Kwa maneno mengine, kusoma orodha ya viambato na kujumlisha alama hakukuambii krimu nzima itafanya nini, kwa uzuri wala kwa ubaya.

Hata hivyo, kusoma orodha ndiyo njia ya bei rahisi ya kupata maneno hayo kwenye kopo. Mtu anachukua fomula, anailinganisha na jedwali, haoni kitu chenye 4 wala 5, basi imekwisha. Marekani hakuna kanuni inayomtaka afanye zaidi kwa neno hili, ingawa lebo ya kupotosha ni kosa kwa ujumla. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 655 ya mwaka 2013, unadai kila dai liwe na ushahidi, ila hautaji jaribio gani lifanyike, na ushahidi hukaa kwenye faili la kampuni ambalo mkaguzi anaweza kulidai, wewe huwezi.

Kampuni inayojali hulipia jaribio la mgongo. Wanachaguliwa watu wachache ambao ngozi ya mgongo wao wa juu ina vinyweleo vikubwa na inajulikana kutoa komedo kwa urahisi. Kila mmoja anawekewa vibandiko kadhaa: kimoja chenye krimu, kimoja kitupu, na kimoja chenye kitu kinachojulikana kuziba, ili tuone kwamba ngozi hiyo kweli inaitikia. Vibandiko hubadilishwa mara tatu kwa wiki kwa wiki 4. Mwishoni tone la gundi aina ya sianoakrileti, jamii ileile ya gundi kali inayokauka papo hapo, huwekwa kwenye kipande cha kioo, kioo kinabanwa juu ya ngozi, kisha kinabanduliwa. Kinatoka na vizibo vya vinyweleo vimesimama juu yake kama vilivyokuwa kwenye ngozi, na unavihesabu kwa hadubini. Nikipewa ripoti, jicho langu linakwenda kwanza kwenye kibandiko cha kitu kinachoziba. Kama hata hicho hakikutoa komedo, jaribio zima halisemi kitu, hata kama krimu imepata sifuri safi.

Tuseme ripoti ya krimu yetu ina watu 12. Kibandiko kitupu kimepata wastani wa 0.3 kwenye kipimo cha 0 hadi 3, krimu 0.4, na kile kinachoziba 2.1. Hiyo ni ripoti ninayoweza kuisimamia. Lakini nikifungua jedwali la mtu mmojammoja nakuta mhusika mmoja krimu imempa 2, na wengine wengi sifuri. Wastani umemmeza. Yeye ndiye mtu atakayenunua, atoke vipele, na asimulie kwamba lebo ilimdanganya. Lebo ilikuwa inazungumza juu ya kundi.

Bado kuna vitu ambavyo hata jaribio hili bora haligusi. Mgongo si uso. Wiki 4 chini ya kibandiko si miezi 3 ya kupaka asubuhi na jioni juu ya jasho, krimu ya jua na vipodozi vya rangi. Na jaribio linahesabu komedo tu, wakati vipele vingi vinavyolaumiwa kwa krimu mpya si komedo. Vikija ndani ya siku chache, vyekundu, vinavyochoma au kuwasha, huo ni muwasho wa ngozi, na acha krimu hiyo mara moja. Vikiwa vidogo vinavyolingana, vinawasha, vimejaa paji la uso au kifua, inaweza kuwa fangasi wa vifuko vya nywele, na hapo daktari wa ngozi anahitajika. Komedo hasa huja polepole na haiwashi.

Ukitaka kujua kampuni imefanya nini, waandikie na uulize jambo moja: jaribio la kuziba vinyweleo lilifanyika kwenye bidhaa kamili, kwa watu, au mliangalia viambato? Wakikujibu "viambato vyetu vyote havizibi", wamekuambia kwamba walisoma jedwali. Wakikutajia idadi ya watu, wiki, na kwamba walichagua ngozi inayotoka komedo, kuna karatasi.

Na kwa ngozi yako mwenyewe, paka krimu upande mmoja wa taya kwa wiki 6 hadi 8, upande wa pili endelea na uliyoizoea, na usibadilishe kitu kingine chochote katika muda huo, hata sabuni. Piga picha siku ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha, kisha kila baada ya wiki mbili saa ileile. Tazama vipele vidogo visivyouma ambavyo havikuwapo. Kimoja au viwili si kitu, kwa sababu hata upande usioguswa utakuwa navyo. Linganisha pande mbili, usilinganishe na kumbukumbu.