Kanuni ya 72 na sanduku la kikundi: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinatoza riba ya asilimia 5 kwa mwezi. 72 gawanya kwa 5 ni 14 na kidogo. Basi akiba yangu itakuwa mara mbili ndani ya miezi 14 na ushee."

Hii nimeisikia Nkuhungu, nikaikuta Kibaigwa, na siku hizi makatibu wanaiandika kabisa ubaoni. Hesabu ya kugawanya haina kosa, ila hapo siyo mahali pake. Kanuni ya 72, ile ya kugawanya 72 kwa riba ili kujua fedha itakuwa mara mbili baada ya muda gani, ni ya fedha ambayo riba yake huingizwa kwenye mtaji kila kipindi, nayo ikaanza kuzaa. Kwa riba ya kawaida, isiyoingia kwenye mtaji, unagawanya 100 kwa 5: miezi 20. Tena hiyo asilimia 5 analipa mkopaji. Hakuna aliyemwahidi mweka akiba.

Tuchukue wanachama 20, kila mmoja ameweka 100,000 mwanzoni mwa mzunguko. Mfuko ni 2,000,000. Tuseme 1,200,000 iko kwa wakopaji muda wote, na 800,000 imelala sandukuni. Riba ya mwezi ni 60,000, ya mwaka 720,000. Mkigawana, kila mmoja anapata faida ya 36,000. Laki yako imekuwa 136,000.

Kama fedha yote ingekopwa bila kulala hata siku moja, ungepata 160,000. Kama na riba ingekopeshwa tena kila mwezi, na wote wakalipa, ungefika kama 179,600. Hapo ndipo 72 inapoanza kusema kweli, lakini mnavunja mzunguko na kugawana mwezi wa 12, kabla ya hiyo miezi 14! Na wanaonunua hisa kidogo kidogo kila wiki watapata pungufu, maana fedha ya mwezi wa kumi haijakaa mwaka. Ukitaka kujua akiba inazaa vipi, kwanza uliza ni kiasi gani kimelala sandukuni.

Dhana: "Asilimia 5 ya kikundi ni nafuu kuliko 18 ya benki."

Moja ni ya mwezi, nyingine ya mwaka. Mara 12 ni 60. Tuendelee.

Dhana: "Riba ambayo hajalipa tuiunganishe na deni, tofauti ni ndogo."

Ni ndogo mwanzoni, ndiyo maana inawapita. Kwa mkopo wa 200,000 usiolipwa, mwezi wa pili deni ni 220,000 kwa riba ya kawaida, na 220,500 mkiunganisha. Nani atagombania mia tano? Mwezi wa 14 ni 340,000 dhidi ya karibu 396,000. Deni limekaribia mara mbili, na hapa 72 imepatia. Mimi huwaambia wachore safu mbili kwenye daftari la mikopo, mtaji na riba. Riba ikihamia safu ya mtaji bila katiba ya kikundi kuruhusu, mkopaji ana haki ya kukataa hesabu hiyo mbele ya mkutano.