Je, wajua kwa nini "dawa bandia" haifai kuwa tafsiri ya plasebo?

"Kwa nini fomu ya ridhaa ya utafiti wa dawa iandikwe 'plasebo', neno ambalo mgonjwa hajawahi kulisikia? Si mngeandika tu 'dawa bandia' kila mtu aelewe?"

Kila mtu ataelewa, ila wengi wataelewa kitu kingine. Dawa bandia tayari ni jina la dawa ghushi, ile inayouzwa kwa hila. Msomaji akikuta "nusu ya washiriki watapewa dawa bandia", hana la kuuliza. Ameshaelewa kwamba kuna anayetaka kumtapeli.

Nami niliwahi kuandika hivyohivyo, tena kwa fahari. Niliamini neno lenye mizizi ya Kiswahili lazima liwe wazi kuliko la mkopo. Kumbe neno geni ni mlango uliofungwa: msomaji hubisha hodi, akasubiri maelezo. Neno lililozoeleka ni mlango ulio wazi: huingia moja kwa moja, hata kama ni nyumba ya jirani. Ndiyo maana siku hizi naandika "plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa inayochunguzwa lakini hakina dawa ndani yake", kisha nabaki na plasebo hadi mwisho wa fomu.

Hiyo haina maana kwamba mkopo hushinda kila mara. Fomu hiyohiyo hueleza jinsi washiriki wanavyowekwa kwenye makundi bila mtu kuwachagulia. Hapo tunahitaji kitenzi, na maneno ya Kiingereza huingia kwetu kwa urahisi zaidi yakiwa nomino. Nomino hata huzaa: "virusi" lilikuja zima, watu wakaisikia ile vi- kama ya vitabu, wakachonga "kirusi" kimoja. Kitenzi lazima kikubali kutendwa na kutendewa. "Kuripoti" na "kuchaji" vimeweza, lakini havina wenzao wengi. Kwa hiyo naeleza kwa Kiswahili: "utapangiwa kundi kwa kubahatisha, kama kurusha sarafu". Mfano wa sarafu ni kweli pale tu makundi mawili yanapogawana sawa. Ikiwa wawili kati ya kila watatu wanapata dawa, sarafu inadanganya.

Kosa la dawa bandia hujificha vizuri ajabu. Kwa kawaida mtafsiri wa pili huirudisha fomu kwenye lugha ya awali ili ilinganishwe na matini chanzi. Yeye anaijua taaluma, hivyo akiona "dawa bandia" anaandika plasebo bila kupepesa macho, na tafsiri inapita. Hunaswa unapompa fomu mtu asiye wa taaluma, ukamwomba aeleze aya ile kwa maneno yake mwenyewe. Wa kwanza niliyemwomba aliisoma mara mbili, akauliza kama polisi wana habari.