Pivoti inasema 8,000, kikokotoo kinasema 4,000

"Nimepakua ripoti ya matangazo ya duka, nikaitengenezea pivoti na kuchagua wastani wa gharama kwa kila oda. Inaniambia shilingi 8,000. Nikichukua pesa yote niliyotumia nikaigawa kwa oda zote, napata 4,000. Pivoti imekosea wapi?"

Haijakosea popote. Imejibu swali jingine, tena kwa usahihi kabisa. Imekupa wastani wa bei za siku, ilhali ulichotaka ni bei ya oda. Ya kuweka kwenye dashibodi ni 4,000.

Karibu kila anayeanza kutengeneza dashibodi ya matangazo hupita hapa, na dhana iliyo nyuma ya kosa ina mantiki yake. Faili linakuja na safu iliyokwisha kuhesabiwa, yenye jina kama `Cost / conv.` au `Cost per result`. Namba ipo, jukwaa la matangazo lenyewe limeipiga, na kwenye pivoti kuna chaguo la `AVERAGE`. Mtu anaona kilichobaki ni kuzikutanisha tu. Majibu yasipolingana, wa kwanza kulaumiwa ni pivoti, wa pili ni jukwaa ("wananiibia"), na mara nyingine mtu huanza kufuta mistari akitafuta iliyoharibika. Hakuna iliyoharibika.

Fikiria daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo asubuhi. Imejaza abiria 30 na safari imekula mafuta ya shilingi 15,000, yaani 500 kwa kila abiria. Inarudi na abiria 3, mafuta yale yale ya 15,000, yaani 5,000 kwa kila abiria. Ukichukua 500 na 5,000 ukatafuta wastani unapata 2,750. Sasa muulize konda: mafuta yote ni 30,000, abiria wote ni 33, kwa hiyo kila abiria amebebwa kwa shilingi 909 hivi. Ile 2,750 imeipa kila safari kura moja. Safari ya abiria 3 imepiga kura yenye nguvu sawa na ya abiria 30, na ndiyo maana jibu limevutwa kuelekea safari tupu.

Kwenye ripoti yako kila mstari ni safari. Tuchukue wiki moja ya kampeni ya duka la vitenge:

| Siku | Gharama | Oda | Gharama kwa oda |
|---|---|---|---|
| Jumatatu | 40,000 | 20 | 2,000 |
| Jumanne | 30,000 | 10 | 3,000 |
| Jumatano | 27,000 | 3 | 9,000 |
| Alhamisi | 18,000 | 1 | 18,000 |
| Ijumaa | 21,000 | 0 | (tupu) |

Safu ya mwisho ina namba nne zenye jumla ya 32,000. Gawa kwa 4, unapata 8,000. Alhamisi, iliyoleta oda moja tu, imehesabiwa sawa na Jumatatu iliyoleta 20. Na Ijumaa imetoweka kabisa: seli yake ni tupu kwa sababu huwezi kugawa kwa sifuri, na `AVERAGE` huruka seli tupu. Shilingi 21,000 zimetumika na hesabu haijaziona. Kama faili lako linaandika 0 badala ya kuacha tupu, mambo hayatengemai, yanabadilika tu: 32,000 kwa siku 5 ni 6,400, kana kwamba Ijumaa oda zilipatikana bure.

Mwenye kujua hesabu atasema tuipe kila siku uzito wa oda zake. Wazo zuri, ila nalo linakwama. Mara 20 kwa 2,000, mara 10 kwa 3,000, mara 3 kwa 9,000, mara 1 kwa 18,000: jumla 115,000. Ukigawa kwa oda 34 unapata 3,382. Ijumaa bado iko nje, safari hii kwa kuwa haina hata oda moja ya kuibeba. Njia pekee inayoikamata ni kuachana na safu ya bei na kurudi kwenye pesa na oda zenyewe: 136,000 kwa 34, yaani 4,000.

Usitoke hapa ukidhani wastani wa pivoti daima unazidisha. Kampeni nyingine inatumia 20,000 kila siku kwa siku 4. Siku ya kwanza inaleta oda 10, zilizobaki hazileti kitu, na seli zao ni tupu. `AVERAGE` itasema 2,000. Ukweli ni 80,000 kwa 10, yaani 8,000. Kwa hiyo ukizipanga kampeni hizi mbili kwa wastani wa pivoti, ile mbovu itakaa juu na utaiongezea bajeti.

Kanuni basi ni kujumlisha kwanza na kugawa mwisho. Kwenye Google Sheets, fungua kihariri cha pivoti, nenda `Values`, bonyeza `Add`, kisha `Calculated Field`. Ikiwa safu zako zinaitwa Gharama na Oda, andika:

```
=IF(SUM(Oda)=0,"",SUM(Gharama)/SUM(Oda))
```

Halafu, na hapa ndipo wengi hupitiwa, kwenye `Summarize by` chagua `Custom`. Jina la safu likiwa na nafasi ndani yake, lizungushie alama moja moja za kunukuu, mfano `'Amount spent'`. Kwenye Excel njia ni `PivotTable Analyze`, `Fields, Items & Sets`, `Calculated Field`, na fomula ni fupi zaidi:

```
=Gharama/Oda
```

Huhitaji `SUM`, kwa sababu Excel hujumlisha kila safu kwanza ndipo igawe. Ijumaa itaonyesha `#DIV/0!`. Izibe kwenye `PivotTable Options`, kisanduku cha `For error values show`. Katika programu zote mbili jaribio ni moja: tazama mstari wa `Grand Total`. Unatakiwa kusoma 4,000, namba ambayo si jumla wala wastani wa zilizo juu yake. Inaonekana kama kosa, lakini ndiyo dalili kwamba iko sawa.

Kabla ya yote hayo safisha faili. Ripoti ya Google Ads mara nyingi hutanguliwa na mistari ya jina la ripoti na tarehe juu ya vichwa vya safu, na huweza kuwa na mistari ya `Total` chini. Mistari hiyo ya jumla ina hila ya ajabu. Ukiusahau mmoja ndani, gharama inakuwa 272,000 na oda 68, lakini bei ya oda inabaki 4,000 ile ile, kwa kuwa juu na chini vimeongezeka mara mbili kwa pamoja. Uwiano sahihi unaficha jumla mbovu. Kwa hiyo linganisha jumla ya gharama na ile unayoiona ndani ya jukwaa, usiridhike na uwiano. Na pivoti ikikuwekea yenyewe `COUNTA`, au `Count` kwenye Excel, badala ya `SUM`, jua kwamba huenda safu ina maandishi mahali fulani: vistari viwili, au sarafu iliyogandishwa na namba.

Kwa mwenendo, ongeza safu ya Wiki kwenye data ghafi, pembeni ya tarehe:

```
=A2-WEEKDAY(A2,3)
```

Fomula hii huirudisha kila tarehe kwenye Jumatatu yake, nawe unaiweka Wiki kwenye `Rows`. Ikitoa kosa, tarehe yako ni maandishi tu. `=ISNUMBER(A2)` itakujibu `FALSE`. Siku moja moja huyumba mno kwa duka dogo: Alhamisi yetu ingepata oda moja zaidi, 18,000 ingeshuka hadi 9,000. Hata wiki yaweza kuyumba hivyo, ndiyo maana safu ya Oda ibaki ikionekana kando ya bei. Hakuna idadi moja ya oda inayofaa kila biashara, ila kama oda moja inaweza kukata jibu nusu, usiichore kama mwenendo.

Grafu ikikamilika utaona jambo jingine: wiki ya mwisho karibu kila mara ni ghali. Si kwamba tangazo limechoka. Kwenye Google Ads, safu kuu ya `Conversions` huiandika oda kwenye siku ambayo mtu alibofya tangazo, si siku aliyonunua, na kwa kawaida jukwaa humsubiri mnunuzi hadi siku 30. Gharama ya jana imeshatimia. Oda za jana bado ziko njiani. Wiki iliyotumia 60,000 na kuonyesha oda 10 inasomeka 6,000 leo. Ukipakua tena baada ya siku 10, wiki ile ile yaweza kuwa na oda 15 na kusomeka 4,000, bila wewe kugusa chochote. Ukitaka kujua duka lako huchelewa kiasi gani, tunza faili za zamani na ulinganishe wiki moja katika vipakuliwa viwili.

Kutokana na hilo, kubandika data mpya chini ya ile ya zamani ni hatari kuliko inavyoonekana, kwa kuwa oda zilizochelewa hazitaingia kamwe kwenye mistari uliyokwisha kuigandisha. Pakua upya kipindi chote ambacho bado kinaweza kubadilika, futa mistari ya tarehe hizo, kisha bandika mipya mahali pake. Wiki ambazo hazijaiva zipe rangi hafifu au ziache nje ya grafu.

Kuna safu moja ambayo kanuni ya kujumlisha kwanza haiiokoi. Ripoti za Meta huwa na `Reach`, idadi ya watu tofauti waliofikiwa. Mtu aliyeona tangazo Jumatatu na Jumanne anahesabiwa mara moja kila siku, lakini kwa siku mbili kwa pamoja bado ni mtu mmoja. `SUM` itamfanya wawili, `AVERAGE` nayo haijui alirudi, na hakuna fomula ya pivoti itakayomtambua kwa sababu faili la siku kwa siku halikuandika ni nani. Ukiitaka ya wiki, rudi kwenye jukwaa, upakue ripoti iliyogawanywa kwa wiki, na uiweke kwenye karatasi yake peke yake.