Je, wajua kwa nini 45 ya Maskati inaweza kusomeka 30?

“Shemeji kanitumia picha ya ankara ya kanzu kutoka Maskati. Mimi naona kanzu 7 na jumla kama 30. Yeye anasema ni kanzu 6 na jumla 45. Mbona karatasi ni moja na namba zinatofautiana?”

Shemeji yako yuko sahihi. Ankara hiyo imeandikwa kwa tarakimu zinazotumika Omani na nchi nyingi za Kiarabu za mashariki, ambazo Waarabu wenyewe huziita tarakimu za Kihindi. Kuanzia sifuri hadi tisa ni hizi: ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩.

Zile usizozijua kabisa hazina hatari kubwa, kwa sababu zitakusimamisha uulize. Zinazoponza ni zile zinazofanana na zetu. Tano (٥) ni kiduara, nawe unasoma sifuri. Sita (٦) ina umbo la saba yetu. Nne (٤) ni kama tatu iliyogeuzwa. Ndiyo maana ٦ uliiona 7, na ٤٥ ukaiona 30.

Sifuri yao ni nukta tu, na hapo ndipo picha inapoharibu mambo. Picha iliyopigwa gizani au iliyobanwa sana na simu wakati wa kutumwa humeza nukta, na ٤٥٠ inabaki ٤٥. Kinyume chake pia hutokea: doa la wino au la chai likikaa mwishoni mwa namba, linageuka sifuri. Mwombe akutumie picha hiyo kama faili, ibaki na ukubwa wake wa asili, na karatasi yote ionekane. Kipande cha jumla peke yake usikikubali, maana saba ni ٧ na nane ni ٨. Kipande kikipinduliwa juu chini, moja inakuwa nyingine, na hakuna maandishi ya pembeni ya kukushtua.

Jambo la pili ni mkato. Riali ya Omani ina baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya mkato. Sisi tuliozoea shilingi tukiona ٧٫٥٠٠ tunawaza elfu saba na mia tano, kumbe ni riali saba na nusu. Namba yenyewe husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama zetu, hata kama maneno yanayoizunguka yanaanzia kulia.

Sasa tuipitie ankara yako tuseme ina mistari hii: idadi ٦, bei ya moja ٧٫٥٠٠, jumla ndogo ٤٥٫٠٠٠, kodi ٢٫٢٥٠, jumla kuu ٤٧٫٢٥٠. Zidisha 6 kwa 7.500, unapata 45.000. Ungeshikilia kanzu 7, ungepata 52.500, na jumla isingekubali. Kisha kodi: tangu Aprili 2021 Omani inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na asilimia 5 ya 45 ni 2.250. Ukijumlisha unapata 47.250. Namba tano zimeshikana, na kosa katika moja yoyote lingeonekana.

Ankara ya mkono ina mtego wake. Waandishi wengi huandika tatu kwa haraka hadi inafanana na ٢ ya kuchapishwa, na mbili yao nayo huwa na kichwa kilichonyooka. Usibahatishe, tazama tarehe. Mwaka unaujua, na ndani yake mna mbili na sifuri kwa mkono uleule, kwa hiyo linganisha. Mimi huanzia hapo kila mara kabla ya kugusa bei.

Hesabu hiyo haitakusaidia ankara ikiwa na kiasi kimoja tu bila idadi wala bei. Hapo tafuta mstari wa chini ambako kiasi huandikwa kwa maneno, na kama husomi Kiarabu mwombe shemeji akusomee kwa ujumbe wa sauti. Utashangaa unavyoelewa, kwa sababu sita, saba, tisa, arobaini, hamsini na mia tumezipata hukohuko. Atasema “sabaa wa arbauna rial, wa miatani wa khamsuna baisa”. Angalia tu kwamba Kiarabu hutanguliza mamoja kabla ya makumi: saba na arobaini, yaani 47, kisha baisa mia mbili na hamsini.