Vidonge vya mafua, moyo kwenda mbio na presha kupanda: maswali na majibu

Nimemeza kidonge cha mafua na kikohozi. Pua imefunguka, lakini mikono inatetemeka na moyo unaenda mbio. Kina nini hiki kidonge?

Kuna uwezekano mkubwa kina sudoefedrini, dawa ya kuzibua pua. Geuza boksi usome orodha ya viambato: jina lake huanza na herufi P-S-E-U-D-O. Mara nyingi imechanganywa na parasetamoli au ibuprofeni kwa ajili ya homa na maumivu, au na dawa ya mzio kama loratadini, setirizini au triprolidini. Kikohozi chenyewe haikitibu. Imewekwa kwa ajili ya pua tu.

Wengi hudhani pua huzibwa na kamasi. Kamasi lipo, lakini kinachofunga njia ya hewa hasa ni uvimbe. Ndani ya pua kuna nyama laini zenye vena nyingi, na mafua yakianza vena hizo hujaa damu na kutanuka mpaka hewa inakosa pa kupita. Ndiyo maana mtu hupenga mpaka pua ikachubuka na bado hapumui.

Sudoefedrini hufika kwenye ncha za neva na kuzifanya zimwage noradrenalini iliyohifadhiwa humo. Hii ni kemikali ileile ambayo mwili huimwaga mtu anaposhtuka. Ikiigusa mishipa ya pua, misuli midogo inayoizunguka hujikaza, damu hupungua, uvimbe hunywea na hewa hupita.

Lakini kidonge hakiendi puani moja kwa moja. Huyeyuka tumboni, huingia kwenye damu, na damu hukifikisha kila mahali penye neva za aina hiyo. Moyo hupiga haraka na kwa nguvu zaidi. Mikono ya kila mtu ina mtetemo mdogo usioonekana, na sasa mtetemo huo huongezeka: nyoosha mkono, weka karatasi juu ya vidole, utaona ncha zake zikicheza. Ubongo nao huamshwa, kwa hiyo usingizi unaruka na unapata wasiwasi usiojua umetoka wapi. Mdomo hukauka, viganja hutoka jasho. Huo si mzio, wala si dalili kwamba dawa ni feki. Ni kazi ileile iliyofungua pua, ikifanyika mahali ambapo hukuihitaji.

Na presha inapandaje?

Kwa njia mbili kwa pamoja. Ateri ndogo hubana, na moyo nao husukuma kwa nguvu zaidi. Ni sawa na kuminya mdomo wa mpira wa maji huku koki imefunguliwa zaidi.

Kwa mtu mwenye afya njema ongezeko huwa dogo, kwa sababu kwenye mishipa ya shingo na kifuani kuna vipimo vya asili ambavyo vikihisi presha inapanda huuagiza mwili uishushe. Majaribio mengi yalipojumlishwa pamoja mwaka 2005, wastani wa ongezeko la presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya kipimo, ulikuwa karibu milimita 1 ya zebaki tu, na mapigo ya moyo yaliongezeka kama 3 kwa dakika. Vidonge vinavyotoa dawa yote mara moja, na dozi kubwa, vilipandisha zaidi kuliko vile vinavyoitoa polepole.

Takwimu hiyo isikulaze usingizi ikiwa presha yako haijadhibitiwa. Wastani huwachanganya wasioguswa kabisa na wale wachache wanaopanda sana, na waliopimwa wengi walikuwa wazima au wenye presha iliyotulia kwa dawa. Mtu mwenye mishipa iliyokakamaa kwa umri, figo dhaifu, au presha ambayo tayari iko 165 kwa 100, hana ule uwezo wa kujirekebisha. Januari 2024 Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilikubali sudoefedrini isitumiwe kabisa na mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo. Sababu ni matukio machache ya mishipa ya ubongo kujibana ghafla au ubongo kuvimba. Ni nadra sana, lakini yanapotokea ni ya dharura.

Dozi niliyoelekezwa sijaizidisha: kidonge kimoja saa 2 asubuhi, kimoja saa 8 mchana, kimoja saa 2 usiku. Mbona usiku nakesha?

Tupige hesabu. Tuseme kila kidonge kina miligramu 60, dozi ya kawaida ya mtu mzima. Sudoefedrini hupungua kwa nusu mwilini kwa takribani saa 6, ingawa watu hutofautiana. Saa 8 mchana, kidonge cha asubuhi kimebaki na nusu, yaani 30. Unaongeza 60, zinakuwa 90. Saa 2 usiku zimeshuka hadi 45, unaongeza 60, zinakuwa 105. Inapofika saa 8 usiku, wenzako wamelala, wewe bado una zaidi ya miligramu 50 mwilini. Ni karibu sawa na mtu aliyemeza kidonge kizima muda huo.

Kwa hiyo kinachokukesha ni kile cha mwisho kilichokaa juu ya mabaki ya viwili vya mwanzo. Kiache hicho cha usiku. Ukimeza cha mwisho saa 8 mchana, saa 8 usiku utabaki na miligramu 22 au 23 hivi. Kama dawa yako ni ya kutoa polepole, yenye miligramu 120 kwa saa 12, meza ya asubuhi tu. Na usiivunje wala kuitafuna, maana utaimwaga yote kwa mkupuo mmoja.

Sasa tazama kosa linalowapata watu wengi waangalifu. Mtu anameza vidonge vyake vitatu vya kuzibua pua, jumla miligramu 180. Kichwa kinamuuma, anachukua boksi jingine la “mafua na homa” akidhani ni dawa ya maumivu tu. Kila kidonge humo kina parasetamoli miligramu 500 na sudoefedrini 30, na dozi ni viwili mara tatu kwa siku. Hapo ameongeza 180 nyingine, amefika 360, wakati kiwango cha juu kwa mtu mzima ni 240 kwa saa 24. Maboksi mawili, majina mawili, dawa moja. Akishushia na kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu, kafeini nayo huharakisha moyo, na mikono haitatulia.

Ukijisikia hivyo baada ya dozi ya kawaida, usimeze inayofuata, acha kafeini, kaa utulie. Kwa kidonge cha kawaida mtetemo huanza kupungua ndani ya saa 4 hadi 6. Cha kutoa polepole huchukua muda mrefu zaidi. Usimeze dawa ya usingizi ili kuufunika. Dawa hii hutoka zaidi kwa mkojo, nyingi ikiwa haijabadilika, kwa hiyo kwa mwenye figo dhaifu hukaa muda mrefu kuliko hesabu yetu. Magadi ya tumbo, yaani bikaboneti ya sodiamu, yakimezwa mara kwa mara hubadilisha mkojo na kuichelewesha vilevile.

Mama yangu ana presha na anameza dawa zake kila siku. Asubuhi hii amemeza kidonge kimoja cha mafua bila kujua. Nifanye nini?

Kidonge kimoja, kwa mtu ambaye presha yake imetulia, mara nyingi hupita salama. Asimeze kingine. Dawa zake za presha aendelee nazo kwa saa zake. Asiruke, na asijiongezee kidonge cha ziada “kuisukuma” presha chini, kwa kuwa nguvu ya sudoefedrini ikiisha, kile cha ziada kitakuwa bado kinafanya kazi na anaweza kuzimia akisimama.

Mpime. Akae ameegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, atulie dakika 5 bila kuzungumza. Dawa ya kawaida hufika kileleni kwenye damu kati ya saa 1 na 2 baada ya kumeza, hivyo pima kama saa 2 baada ya kidonge, kisha tena baada ya saa 4. Kama ni ya kutoa polepole, kilele huchelewa. Endelea kupima mpaka jioni. Linganisha na namba zake za kila siku. Ikizidi kwa kiasi kidogo na yeye anajisikia vizuri, subirini. Ikifika 180 kwa 120, rudia baada ya dakika 5. Ikibaki hapo, mpigie daktari siku hiyohiyo hata kama hana dalili yoyote.

Usingoje kipimo cha pili, nendeni hospitali mara moja, ikiwa ana maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, kutapika, kuchanganyikiwa, macho kuona ukungu, degedege, maumivu ya kifua, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Beba boksi la dawa.

Kuna dawa ambazo zikikutana nayo ni hatari kabisa?

Ndiyo, na hapa hatuna mzaha. Zipo dawa zinazozuia kimeng'enya kinachovunja noradrenalini. Zimo baadhi ya dawa za zamani za sonona, selegilini ya ugonjwa wa Parkinson, na linezolidi, antibiotiki inayotumika pia kwa kifua kikuu sugu. Anayetumia mojawapo ana noradrenalini nyingi kwenye ncha za neva. Sudoefedrini ikiimwaga yote, presha inaweza kuruka juu kwa kiasi cha kutishia maisha. Kwa zile za sonona na selegilini hatari hubaki hadi siku 14 baada ya kuziacha.

Mwenye tezi dume iliyovimba naye aiepuke, maana hukaza mlango wa kibofu na mkojo unaweza kukataa kutoka. Mwenye ugonjwa wa moyo, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, glakoma au ujauzito aulize kwanza.

Sasa mwenye presha atumie nini kuzibua pua?

Aanze na maji ya chumvi ya pua, ya kunyunyiza au kusuuza, mara nyingi apendavyo. Hayagusi presha. Homa na kichwa vitibiwe kwa parasetamoli ya peke yake. Ibuprofeni hushikilia chumvi na maji mwilini na inaweza kudhoofisha dawa za presha. Akihitaji nguvu zaidi, amuulize mfamasia kuhusu dawa ya kunyunyiza yenye zailometazolini au oksimetazolini. Hubana mishipa ya puani penyewe na kidogo sana huingia kwenye damu, ingawa kwa presha isiyodhibitiwa bado ni ya kuuliza kwanza. Isizidi siku 3 hadi 5. Ikizidi, mishipa huizoea, na kila nguvu yake inapoisha pua huziba zaidi kuliko mwanzo, mpaka mtu anashindwa kutofautisha mafua na dawa.